Sekunde Thelathini Kwenye Jedwali

"Kila siku mama huanza kazi mapema ili kuitafutia familia yake riziki, lakini mkaa humrudisha nyuma." Sentensi hiyo ina maneno 15 tu, na kwenye karatasi haina kosa. Mwenye tangazo akiisoma kimyakimya inamalizika upesi, naye anaikubali. Balaa huanza studio, msimulizi anapoisoma kwa sauti ya kueleweka: inakula karibu sekunde tisa. Tangazo zima lina sekunde thelathini, na hapo gesi inayouzwa bado haijatajwa.

Ugomvi huo ulipaswa kuisha wiki moja kabla, mezani, kwa penseli na kifutio. Mahali pake ni storibodi, yaani michoro ya tangazo iliyopangwa kwa mfuatano kabla kamera haijawashwa. Utaratibu wa kubandika michoro ukutani ili kuona hadithi nzima ulianzia studio ya Walt Disney mwanzoni mwa miaka ya 1930, na katuni ya nguruwe watatu ya 1933 ndiyo hutajwa kuwa ya kwanza kupangwa yote kwa njia hiyo. Filamu inaweza kuongezwa dakika, lakini tangazo haliongezwi hata sekunde, kwa sababu stesheni huuza nafasi iliyopimwa. Ukipeleka tangazo la sekunde 31 kwenye nafasi ya 30, ama litarudishwa au utalipia nafasi kubwa zaidi. Ndiyo maana watu wa matangazo hawaishii kwenye michoro. Huichora ndani ya jedwali lenye safu nne: fremu, tendo, sauti na muda.

Kila safu ina msomaji wake. Mpigapicha hutazama fremu, waigizaji na muongozaji husoma tendo, msimulizi huondoka na safu ya sauti kwenda nayo studio, na mhariri hushikilia muda. Mwenye tangazo, kwa kawaida, hutazama michoro tu na kusema inapendeza. Kati ya safu hizo nne, iliyo na kauli ya mwisho ni ile ambayo wengi huijaza kwa kubahatisha, nayo ni ya muda.

Tuchukue tangazo moja tulijenge. Bidhaa ni mtungi wa gesi wa kilo 6, ule mdogo ambao jiko hufungwa juu yake. Kampuni tuiite Fulani. Anayelengwa ni mama lishe anayeuza chai na vitumbua alfajiri kwa madereva wa bodaboda na wafanyakazi wanaowahi kazini. Kabla ya kuchora mstari wowote, andika sentensi moja juu ya karatasi inayosema mtazamaji aondoke na nini. Hapa ni hii: mama lishe mwenye gesi anauza chai kabla wateja wake hawajaondoka. Usafi wa sufuria, afya ya mapafu, misitu inayokatwa kwa ajili ya mkaa na punguzo la bei vyote ni mambo ya kweli, na kila kimoja kingestahili tangazo lake. Kwenye hili havina nafasi. Mwenye tangazo atavidai vyote, na jedwali ndilo litakalomjibu kwa niaba yako.

Anza kujaza kutoka chini. Fremu ya mwisho huonyesha bidhaa, jina na namba ya simu, na macho ya mtu aliye sebuleni, mwenye mtoto magotini na sahani mkononi, yanahitaji walau sekunde nne kulikamata jina na kuona kwamba kuna namba. Kwa hiyo sekunde nne zimekwisha kutumika kabla hadithi haijaanza. Fremu inayoitangulia, ya kumwonyesha mtungi vizuri, inataka nne nyingine. Zimebaki 22. Anayeanza kujaza kutoka juu hufika chini akiwa na sekunde moja na nusu ya bidhaa, kisha analazimika kuikata hadithi iliyokwisha kupigwa na kulipiwa.

Sasa sauti. Waandishi wengi wa matangazo hupima kwa idadi ya maneno, na kipimo hicho hutudanganya kwa sababu neno letu moja hubeba mengi. "Na" ni neno, na "kuitafutia" ni neno, lakini moja lina silabi moja na lingine sita. Kwa Kiswahili hesabu silabi. Kazi yenyewe ni nyepesi: kila irabu ni silabi, kisha ongeza ile m inayosimama peke yake mbele ya konsonanti, kama kwenye mteja, mkaa na mtungi. Msimulizi asiyekimbizwa husoma silabi tano hivi kwa sekunde. Yuko anayefika sita au saba, lakini hapo anasikika kama mnadi wa mitumba, na mnada unafaa kwa tangazo la punguzo la siku moja, si kwa hadithi ya mama na chai yake.

Rudi kwenye sentensi tuliyoanza nayo. Ina silabi 44. Gawa kwa tano, unapata karibu sekunde tisa. Aliyeandika rasimu hiyo alikuwa ameipa fremu yake sekunde nne, na hakuna studio wala msimulizi wa kuliziba pengo hilo.

Kipimo hichohicho kinafichua mitego miwili ambayo kila mwenye tangazo huipenda. Wa kwanza ni bei. Tuseme bei ya mfano ni 23,500. Kwenye karatasi ni tarakimu tano zenye koma. Mdomoni ni shilingi elfu ishirini na tatu na mia tano, silabi 17, zaidi ya sekunde tatu. Wa pili ni namba ya simu. Tarakimu kumi zinazoanza na sifuri hazipungui silabi 21, na kwa kuwa namba husomwa kwa vituo ili isikike, hesabu sekunde tano au sita, moja ya tano ya tangazo zima, kwa kitu ambacho hakuna anayekikariri kwa kukisikia mara moja. Bei na simu ziandikwe kwenye picha. Kwenye jedwali zinaingia safu ya tendo, kwa sababu ni vitu vya kuonwa, na sauti inaachiwa kazi nyingine.

Safu ya tendo ina ugonjwa wake, nao ni maneno yasiyopigika picha. "Mama anahangaika na maisha" ni kauli nzuri ya mahubiri, lakini mpigapicha hawezi kuielekezea kamera. "Mama anafuta machozi ya moshi kwa kiwiko" inapigika. Kigezo ni kwamba mtu asiyejua lolote kuhusu tangazo aisome sentensi yako kisha aigize palepale. Akiuliza "nifanye nini hasa?", ifute uandike upya.

Ugonjwa wa pili ni msongamano. Mtu anaandika: mama akaamka, akatoka nje, akafika gengeni, akawasha jiko. Anaamini ameandika fremu moja, kumbe ni nne. Mimi huitafuta -ka- ya masimulizi ndani ya safu hiyo kama mama anavyotafuta mawe kwenye mchele, na kila ninapoikuta naikata safu vipande viwili. Tendo la fremu liandikwe kwa wakati uliopo, nalo liwe moja. Pakiwa na "kisha" au "halafu", kuna fremu nyingine imejificha humo.

Baada ya kupunguza, kuhesabu na kuhamisha, jedwali letu linatoka hivi:

| Fremu | Tendo | Sauti | Muda |
|---|---|---|---|
| 1 | Karibu sana. Mikono ya mama inapepea jiko la mkaa kwa kipande cha boksi. Moshi tele, moto hakuna. | Hakuna maneno. Mlio wa kupepea, kikohozi kimoja. | 3 |
| 2 | Wastani. Dereva wa bodaboda kwenye benchi, kushoto kwa picha, anatazama saa kwenye simu. | DEREVA: Chai bado, mama? | 4 |
| 3 | Mbali. Alfajiri. Pikipiki inaondoka kuelekea kulia. Mama amesimama na kikombe kitupu. | MSIMULIZI: Mkaa unachelewa. Mteja hasubiri. | 4 |
| 4 | Karibu sana. Njiti iliyokwisha kuwaka iko kwenye jiko la gesi. Mkono wa pili unafungua gesi, mwali wa bluu unazunguka. | Mlio wa gesi kushika moto. MSIMULIZI: Washa gesi ya Fulani. | 3 |
| 5 | Karibu. Chai inamiminwa kikombeni, mvuke unapanda. Nyuma yake sahani ya vitumbua. | MSIMULIZI: Chai tayari mapema, wateja wakiwa bado benchini. | 4 |
| 6 | Mbali. Alfajiri. Benchi limejaa. Dereva yuleyule, kushoto, anapokea kikombe. | DEREVA: Leo umewahi, mama! | 4 |
| 7 | Wastani. Mtungi juu ya meza safi, jiko limefungwa juu yake. Maandishi: bei. | MSIMULIZI: Mtungi wa kilo sita, na jiko lake juu. | 4 |
| 8 | Mtungi kulia. Kushoto jina la kampuni na namba ya simu. Picha haisogei. | MSIMULIZI: Gesi ya Fulani. Wahi wateja wako. | 4 |

Jumlisha safu ya mwisho: 3, 4, 4, 3, 4, 4, 4, 4. Ni 30 kamili. Jumla hiyo iandikwe chini ya jedwali kwa wino, maana ndiyo namba ya kwanza ambayo mhariri ataitafuta.

Lakini jumla kuwa sawa haitoshi. Kila mstari upimwe peke yake. Fremu ya 3 ina silabi 15, yaani sekunde tatu za maneno ndani ya nne, na inabaki moja ya kusikia pikipiki ikitokomea. Hiyo ni nafasi nzuri. Fremu ya 5 ina silabi 19, karibu sekunde nne ndani ya nne. Hapo pamebana, na msimulizi akivuta pumzi ndefu maneno yatamwagikia fremu ya 6 na kumkanyaga dereva anayetaka kusema. Mwandishi mwangalifu anaweka alama pembeni: ikizidi, ondoa "mapema". Kutoa neno hilo kunaokoa silabi tatu, zaidi ya nusu sekunde, na maana haipotei kwa sababu "wakiwa bado benchini" imekwisha kuibeba.

Ukijumlisha maneno yote, ya msimulizi na ya dereva, unapata silabi 84, karibu sekunde 17. Sekunde 13 zilizobaki hazina maneno. Mwenye tangazo akiliona hilo hushtuka: amelipia thelathini, kwa nini anaongelewa kumi na saba? Hapa mwandishi ashikilie msimamo wake. Wengi wetu tulilelewa na redio, ambako kimya kirefu maana yake mitambo imeharibika, na mazoea hayo tumehamia nayo kwenye picha. Matokeo yake ni matangazo ambayo mama anawasha gesi huku msimulizi akituarifu kwamba mama anawasha gesi. Kwenye jedwali kosa hilo ni rahisi kulinasa. Weka kidole kwenye tendo na kingine kwenye sauti ya mstari huohuo. Vikisema jambo moja, kimoja kiondoke, na mara nyingi kinachoondoka ni sauti. Angalia fremu ya 1: sekunde tatu za kupepea na kukohoa. Yeyote aliyewahi kuwasha mkaa mbichi ameshaelewa.

Kimya cha mwanzo na mwisho kina sababu nyingine, ya kiufundi. Televisheni zetu huonyesha picha 25 kwa sekunde, hivyo tangazo la sekunde 30 ni picha 750. (Picha hizo ni za kamera, fremu za jedwali letu ni visanduku vinane vya mchoro tu, wala zisichanganywe.) Wahariri wengi huacha nusu sekunde bila maneno mwanzoni na nusu nyingine mwishoni, ili kifaa cha stesheni kikichelewa kidogo kubadilisha tangazo, silabi ya kwanza au ya mwisho isimezwe. Kwetu mwanzo uko salama kwa kuwa fremu ya 1 haina maneno. Fremu ya 8 ina silabi 13, kama sekunde mbili na nusu ndani ya nne, hivyo "wako" itasikika yote.

Muda wa tendo nao upimwe, tena kwa mwili. Chukua simu, washa saa ya kupimia, fanya kitendo chenyewe. Kujaza kikombe cha chai bila kumwaga huchukua sekunde tatu hadi nne, kwa hiyo fremu ya 5 inafaa ilivyo. Kuwasha jiko la gesi ni habari nyingine. Ukianza na kutoa kiberiti mfukoni, kufungua kijaluba, kuchagua njiti, kuipiga, kuisogeza na kufungua gesi, umetumia zaidi ya sekunde tano, na fremu ya 4 ina tatu. Kwa sababu hiyo tendo limeandikwa likianza na njiti iliyokwisha kuwaka. Na mpangilio wa maneno pale si wa bahati: njiti kwanza, gesi baadaye. Mtu akifungua gesi kwanza kisha akaanza kutafuta kiberiti, gesi hujikusanya na moto huruka. Muongozaji anayekimbizwa na muda anaweza kugeuza utaratibu huo bila kujua, na tangazo likawafundisha maelfu ya watu njia ya kujiunguza. Kilichoandikwa waziwazi kwenye safu ya tendo kinamzuia.

Kati ya fremu ya 4 na ya 5 tumeruka muda. Mwali umewaka, mara chai inamiminwa. Mtazamaji hakasiriki; amezoea mruko wa picha tangu utotoni. Atakasirika akidanganywa kwa tarakimu. Msimulizi asiseme chai huchemka kwa dakika kadhaa isipokuwa kampuni imepima, kwa sufuria ya kiasi gani na maji kiasi gani, na inaweza kuonyesha.

Michoro yenyewe tumeiacha mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo ya mwisho kufanywa, na haihitaji msanii. Kisanduku cha sentimita 8 kwa 4.5 kina uwiano uleule wa skrini ya televisheni. Ndani yake mtu anaweza kuwa kichwa cha duara na mwili wa kijiti. Mchoro una wajibu wa kusema mambo machache tu: kamera iko karibu au mbali, nani yuko upande gani, kitu kinasogea kuelekea wapi, na maandishi yatakaa wapi. Mshale mmoja mnene kwenye fremu ya 3, ukielekea kulia, una thamani kuliko sura ya mama iliyochorwa kwa ustadi. Dereva alikaa kushoto kwenye fremu ya 2 na akaondokea kulia. Kwenye fremu ya 6 yuko kushoto tena, pale pale pake, na jicho la mtazamaji linamtambua kabla hajafungua mdomo. Angekaa kulia, nusu ya watu wangedhani ni dereva mwingine, na utamu wa "Leo umewahi" ungepotea.

Jedwali likishatulia, linaanza kutoa habari ambazo hukuandika. Tafuta neno "alfajiri" kwenye safu ya tendo. Liko kwenye fremu ya 3 na ya 6. Huku kwetu karibu na ikweta jua huchomoza kwa kasi, na ule mwanga wa buluu kabla ya jua kutoka hudumu takriban dakika 20. Ndani ya dakika hizo hutaweza kupiga fremu sita za gengeni, wala huhitaji. Fremu za mbali ndizo zinazoonyesha anga, basi ndizo pekee zinazodai alfajiri ya kweli. Zipigwe hizo mbili kwanza, la 3 na la 6 kwa kufuatana, benchi likijazwa watu haraka kati yake. Mikono, mwali na kikombe, ambavyo ni picha za karibu sana, vipigwe baadaye chini ya turubai saa mbili asubuhi na hakuna atakayejua. Fremu ya 2 ni ya wastani, hivyo kamera ielekezwe ukutani, mbali na anga. Za 7 na 8 ni za mezani, siku yoyote, ndani. Asiye na jedwali huanza na fremu ya kwanza kwa sababu ni ya kwanza, na jua linapochomoza bado anapepea mkaa.

Kabla ya kwenda gengeni kuna jaribio moja la mwisho, nalo halina gharama. Piga kila mchoro picha kwa simu, upange picha hizo kwenye programu yoyote ya kuhariri video, kila moja kwa sekunde zilizoandikwa kwenye safu ya muda, kisha ujirekodi ukisoma safu ya sauti na kuiweka chini yake. Wenye kazi hii huita kitu hicho animatiki. Kitaonekana cha kitoto, lakini kinaonyesha kile ambacho karatasi haiwezi: fremu inayochosha, neno linalochelewa, mahali ambapo macho hayajui yatazame nini. Mwonyeshe mtu asiyehusika, mara moja tu, na umuulize tangazo lilikuwa la nini. Akisema ni la chai, fremu ya 4 ni fupi mno au jina halijasikika. Akisema ni la gesi lakini hakumbuki ya nani, tatizo liko kwenye fremu ya 8.

Jedwali hilohilo ndilo litakalokupa toleo fupi. Kampuni ikitaka pia tangazo la sekunde 15, usiandike upya. Chukua fremu ya 1, ya 3, ya 4 na ya 8, jumla sekunde 14, na iliyobaki iongeze kwenye fremu ya mwisho. Moshi, pikipiki inayoondoka, mwali wa bluu, jina. Silabi za msimulizi zinakuwa 36, kama sekunde saba. Benchi lililojaa limepotea, na ni hasara ya kweli kwa sababu ndilo lililokuwa na furaha ya hadithi, lakini sentensi tuliyoiandika juu ya karatasi bado imesimama.

Kisha mpelekee mwenye tangazo jedwali lote alitie sahihi, kila ukurasa, kabla ya siku ya kupiga picha. Atarudi. Wote hurudi. Atataka mtungi uonekane kwa sekunde mbili zaidi, au neno "bora" liongezwe, au namba ya simu isomwe. Usibishane naye kuhusu ladha. Mpe penseli, mwonyeshe ile 30 iliyoandikwa kwa wino chini ya safu ya muda, umwombe achague mwenyewe fremu ipi izitoe sekunde hizo.